Kuchukua tofauti au kuacha: namna ya kuisoma grafu ya ACF kabla ya kuingia kwenye ARIMA

Tuseme una bei za mahindi za kila mwezi kutoka Kisenyi, Kampala, kwa miaka 10, na unataka kutabiri za mwaka ujao kwa ARIMA, modeli inayotabiri mfululizo kutokana na thamani zake zilizopita. Programu itakudai nambari tatu. Ya katikati, `d`, ni idadi ya mara unazochukua tofauti, yaani unaondoa bei ya mwezi uliopita kwenye bei ya mwezi huu na kubaki na badiliko tu. Nambari hiyo huamuliwa kabla ya nyingine mbili, na ukiikosea, kila kinachofuata kinabeba kosa hilo.

Desturi iliyoenea ni kuchora grafu ya ACF, ambayo kila nguzo yake inapima jinsi bei inavyohusiana na bei ya miezi kadhaa nyuma, kuona nguzo ndefu zinazoshuka polepole, na kuandika `d=1` papo hapo. Grafu hiyo ya kwanza haitoshi. Inakuonyesha kwamba mfululizo haujatulia, lakini haikuambii kwa nini, na dawa inategemea sababu. Uamuzi unatoka kwenye grafu ya pili, ile unayoichora baada ya kuchukua tofauti. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzisoma zote mbili.

Utulivu unaotafutwa

Mfululizo tulivu ni ule ambao wastani wake haubadiliki kadiri miaka inavyokwenda, mtawanyiko wake haupanuki wala kusinyaa, na uhusiano kati ya thamani mbili unategemea umbali wa muda kati yao, si tarehe zake. Bei zinaweza kupanda na kushuka kila mwezi na bado zikawa tulivu, mradi zinazunguka usawa uleule na kuurudia. Hilo la kurudi ndilo la kushika. Swali tunalouliza ni hili: bei ikiruka juu mwezi huu, je, baada ya muda itarudi ilikokuwa, au mruko huo utabaki ndani ya bei milele?

Nguzo za ACF zinatoka wapi

Inafaa kuhesabu nguzo moja kwa mkono angalau mara moja, kwa sababu makosa mengi ya usomaji yanatokana na kutojua nambari hizi zimetengenezwaje. Chukua bei 10 za mfano za kilo moja ya mahindi, kwa shilingi: 1,000, 1,100, 1,150, 1,100, 1,200, 1,300, 1,350, 1,300, 1,250, 1,250. Wastani wake ni 1,200. Ondoa wastani kwenye kila bei, nazo zinabaki −200, −100, −50, −100, 0, 100, 150, 100, 50 na 50.

Zidisha kila nambari kwa nafsi yake, kisha jumlisha: unapata 110,000. Hicho ndicho kigawanyo cha nguzo zote. Kwa nguzo ya pengo la 1, zidisha kila nambari kwa ile inayoifuata (−200 kwa −100, −100 kwa −50, na kuendelea) halafu jumlisha: unapata 67,500. Gawanya kwa 110,000, jibu ni 0.61. Kwa pengo la 2, unazidisha kila nambari kwa ile iliyo hatua mbili mbele. Jumla ni 32,500, na nguzo ni 0.30. Pengo la 3 linatoa 12,500, yaani 0.11.

Hapo kuna mambo mawili. Kwanza, kigawanyo hakibadiliki, ilhali idadi ya jozi unazojumlisha inapungua kila pengo linapoongezeka. Kwa hiyo nguzo za mbali hufifia hata pasipo sababu nyingine, na ndiyo maana hatusomi nguzo zilizovuka robo au theluthi ya urefu wa mfululizo. Pili, mipaka inayochorwa kama mistari miwili ya mlalo ni 1.96 ukigawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya takwimu. Kwa takwimu 10, mpaka ni 0.62. Nguzo yetu ya 0.61 haijauvuka! Bei zinaonekana wazi kwa macho kwamba zinasafiri kwenda juu, lakini takwimu 10 hazina nguvu ya kuthibitisha chochote. Kwa takwimu 120 mpaka unashuka hadi 0.18, na hapo ndipo grafu inaanza kusema jambo la kuaminika. Chini ya takwimu 50 usitegemee ACF ikuamulie `d`.

Kuichora bila kujidanganya

Anza na grafu ya mfululizo wenyewe, bei juu na tarehe chini, kabla ya ACF yoyote. Tazama kama mawimbi yanakua kadiri bei inavyopanda. Kama bei ilipokuwa 500 ilikuwa ikiyumba kwa 50, na ilipofika 2,000 ikawa inayumba kwa 200, chukua kwanza logi ya bei. Logi hurekebisha mtawanyiko, tofauti hurekebisha usawa, na moja haifanyi kazi ya nyingine. Mpangilio ni logi kwanza, tofauti baadaye. Ukigeuza utakwama, kwa kuwa tofauti zina nambari hasi na nambari hasi haina logi.

Hakikisha hakuna mwezi uliokosekana. Kwenye Python, nafasi moja tupu inatosha kufanya hesabu nzima ya ACF itoke tupu. Mwezi ukiwa umefutwa kabisa kwenye faili ni hatari zaidi, maana programu haitalalamika: itaunganisha Machi na Mei kana kwamba zinafuatana, na pengo la 12 halitakuwa tena mwaka mmoja.

```python
import pandas as pd
import matplotlib.pyplot as plt
from statsmodels.graphics.tsaplots import plot_acf

def chora(s):
    d1 = s.diff().dropna()
    fig, ax = plt.subplots(3, 1, figsize=(8, 9))
    ax[0].plot(s)
    for x, a in [(s, ax[1]), (d1, ax[2])]:
        plot_acf(x, lags=36, zero=False,
                 bartlett_confint=False, ax=a)
    plt.show()
    print(s.std(), d1.std(), d1.diff().std())
```

`zero=False` inaondoa nguzo ya pengo la 0, ambayo daima ni 1 na haina habari. `bartlett_confint=False` inatoa mipaka iliyonyooka. Usipoiweka, `statsmodels` huchora mipaka inayopanuka kama tarumbeta, na kwa mfululizo usiotulia tarumbeta hiyo hupanuka kiasi cha kumeza nguzo ndefu kabisa, ukadhani hazina maana. `lags=36` inakupa miaka mitatu kwa data ya kila mwezi, ili msimu upate nafasi ya kujirudia.

Wanaotumia R wawe macho kwa mambo mengine mawili. Ukiwa umeiambia R kwamba data ni ya kila mwezi, mhimili wa chini wa `acf()` unahesabu miaka, kwa hiyo 1.0 ni pengo la 12, si la 1. Na usipotaja idadi ya mapengo, takwimu 120 zitakupa mapengo 20 tu, hivyo la 24 hutaliona kamwe.

Grafu ya kwanza: mfululizo kama ulivyo

Kama nguzo zinashuka haraka na kuingia ndani ya mipaka baada ya mapengo machache, na zinabaki humo, mfululizo umetulia. `d=0`, kazi imeisha. Kama nguzo ya kwanza iko karibu na 1 na zinazofuata zinashuka kwa ngazi ndogondogo, karibu mstari mnyoofu, zikiwa bado juu ya mpaka kwenye pengo la 12 au la 20, mfululizo haujatulia.

Hapa ndipo pa kusimama. Mtindo huo wa kushuka polepole unatokana na hali mbili tofauti kabisa.

Hali ya kwanza ni mwendo wa nasibu: bei ya mwezi huu ni ile ya mwezi uliopita pamoja na mshtuko mpya. Mshtuko ukiingia hautoki. Mvua ikichelewa na bei ikaruka kwa shilingi 80, hizo 80 zinakuwa msingi mpya ambao mshtuko unaofuata utaongezwa juu yake.

Hali ya pili ni mwelekeo thabiti: kuna mstari unaopanda, tuseme kwa shilingi 5 kila mwezi, na bei zinaucheza juu na chini. Mshtuko ukiingia, mwezi unaofuata bei imesharudi kwenye mstari.

ACF haiwezi kuzitenganisha kwa sababu inapima umbali kutoka wastani mmoja wa mfululizo mzima. Kwenye mstari unaopanda, nusu ya kwanza yote iko chini ya wastani na nusu ya pili yote iko juu, kwa hiyo majirani wana alama moja na kuzidishana kwao kunatoa nambari chanya kubwa. Chukua mstari mnyoofu kabisa wa takwimu 120, usio na hata chembe ya nasibu: nguzo yake ya pengo la 12 ni 0.70, la 24 ni 0.42, la 36 ni 0.15. Ukionyeshwa nguzo hizo bila kuambiwa zimetoka wapi, utaapa kuwa ni mwendo wa nasibu.

Tengeneza zote mbili uzione. Hizi ni bei za kubuni, miezi 120, zenye mishtuko ileile:

```python
import numpy as np
rng = np.random.default_rng(7)
e = rng.normal(0, 40, 120)
A = pd.Series(900 + np.cumsum(5 + e))
B = pd.Series(900 + 5*np.arange(120) + e)
chora(A); chora(B)
```

`A` ni mwendo wa nasibu unaoegemea juu kwa shilingi 5 kwa mwezi. `B` ni mstari wa shilingi 5 kwa mwezi wenye mishtuko inayopita. Mchepuko sanifu wa mishtuko ni shilingi 40 kwa zote. Kwenye `B` tarajia nguzo ya kwanza karibu na 0.93, ya 12 karibu na 0.67, ya 24 karibu na 0.40. Za `A` zinategemea njia iliyopitiwa na nasibu, lakini kwa kawaida nazo huanza juu ya 0.9 na kushuka taratibu. Ukiwa na grafu ya ACF ya mfululizo ghafi peke yake, huna namna ya kujua ipi ni ipi.

Grafu ya pili: baada ya kuchukua tofauti

Sasa tazama grafu ya chini kabisa kwa kila mfululizo.

Tofauti ya `A` ni shilingi 5 pamoja na mshtuko mmoja wa mwezi husika. Mishtuko haijuani, kwa hiyo nguzo karibu zote zinaingia ndani ya ±0.18 na hakuna mpangilio. Mchepuko sanifu uliokuwa mkubwa unaporomoka hadi karibu na 40, yaani ukubwa halisi wa mishtuko. Ukichukua tofauti mara ya pili unapanda tena hadi karibu na 57. Kiwango hicho cha chini pamoja na nguzo tupu ndivyo ulivyokuwa unavitafuta: `d=1`.

Tofauti ya `B` ni jambo jingine. Mshtuko wa mwezi huu unaingia ukiwa chanya, na mwezi unaofuata mshtuko huohuo unaingia tena ukiwa hasi, kwa sababu unaondoa bei iliyoubeba. Kila mshtuko umehesabiwa mara mbili kwa alama zinazopingana. Matokeo yake ni nguzo moja ndefu ya hasi kwenye pengo la 1, karibu na −0.5, na nyingine zote ni tupu. Mchepuko sanifu wa tofauti ni 40 mara kipeuo cha pili cha 2, yaani karibu 57. Umeondoa mwelekeo, lakini umeongeza kelele ambayo haikuwepo. Ukiuondoa mstari wenyewe kwa kuulinganisha na bei, mabaki yanakuwa na mchepuko wa karibu 40 na ACF tupu. Dawa ya `B` ni kuuweka mwelekeo ndani ya modeli na kuacha `d=0`.

Basi nguzo ya kwanza ya grafu ya pili inasomwa hivi. Ikiwa karibu na −0.5 au chini zaidi, umechukua tofauti kupita kiasi. Rudi nyuma hatua moja. Ikiwa kati ya −0.5 na sifuri, tuseme −0.2, hiyo ni kazi ya kawaida ya kijenzi cha MA, kinachobeba mishtuko ya miezi iliyopita, wala si sababu ya kuogopa. Ikiwa chanya ya wastani, kama 0.3 au 0.4, na nguzo zinazofuata zinapungua haraka, weka kijenzi cha AR, kinachobeba thamani za miezi iliyopita. Usichukue tofauti ya pili kwa sababu tu nguzo moja imevuka mpaka. Tofauti ya pili ni ya pale nguzo za tofauti ya kwanza zinapobaki chanya na kushuka polepole kwa mapengo 10 au zaidi, jambo ambalo ni nadra kwa bei za soko.

Kumbuka pia kwamba mipaka imewekwa ili nguzo 1 kati ya 20 iivuke kwa bahati tu. Ukichora nguzo 36, mbili hivi zitavuka hata kama hakuna kitu. Nguzo iliyochomoza kidogo kwenye pengo la 17 haina maana yoyote. Nguzo iliyochomoza kwenye pengo la 1 au la 12 ina maana.

Ukubwa wa tofauti hii unaonekana kwenye utabiri. Kwa `A`, mishtuko inarundikana, na baada ya miezi 12 mchepuko ni 40 mara kipeuo cha pili cha 12, karibu 139. Upana wa asilimia 95 ni shilingi 272 kila upande. Kwa `B`, baada ya miezi 12 upana ni uleule wa mwezi mmoja, karibu shilingi 78 kila upande (ukiacha kosa dogo la kukadiria mstari). Mfanyabiashara aliyeweka tani 10 ghalani kwa mwaka mzima anakabiliwa na hatari ya karibu shilingi milioni 2.7 kwenye hali ya kwanza, na chini ya laki 8 kwenye hali ya pili. Grafu ya kwanza ya ACF inafanana kwa zote mbili.

Kwenye kuandika modeli kuna mtego mmoja wa `statsmodels`. Ukiweka `d=1` bila kutaja mwelekeo, modeli inadhani hakuna mwegemeo, na utabiri wa `A` utakuwa mstari wa mlalo: zile shilingi 5 kwa mwezi, 60 kwa mwaka, zimepotea. Kuandika `trend="c"` pamoja na `d=1` kunatoa hitilafu, kwa sababu tofauti huifuta nambari isiyobadilika. Kinachotakiwa ni `t`:

```python
from statsmodels.tsa.arima.model import ARIMA
ARIMA(A, order=(0, 1, 0), trend="t").fit()
ARIMA(B, order=(0, 0, 0), trend="ct").fit()
```

Msimu

Mazao yana misimu, na msimu una alama yake kwenye ACF: nguzo zinazochomoza kwenye 12, 24 na 36. Mara nyingi mwelekeo huzifunika kwenye grafu ya kwanza, nazo hujitokeza kwenye ya pili.

Kusini mwa Uganda kuna mvua mara mbili kwa mwaka na mavuno mawili ya mahindi, kwa hiyo bei inaweza kushuka mara mbili kwa mwaka. Hapo utaona nguzo chanya kwenye pengo la 6 pia. Usikimbilie kuweka kipindi cha msimu kuwa 6. Mavuno mawili hayalingani kwa ukubwa, na nguzo ya 12 ikiwa ndefu kuliko ya 6, kipindi ni 12. Karamoja, penye msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, picha hubadilika: pengo la 6 linaelekea kuwa hasi, kwa kuwa linaunganisha mwezi wa neema na mwezi wa njaa.

Kama nguzo za 12, 24 na 36 zinabaki ndefu bila kupungua, chukua tofauti ya msimu, `s.diff(12)`, kabla ya ile ya kawaida. Sababu ya mpangilio huo ni kwamba tofauti ya msimu huondoa mwelekeo ulionyooka pia: mstari wa shilingi 5 kwa mwezi unageuka nambari moja, 60. Chora ACF upya hapo, mara nyingi hutahitaji zaidi. Takwimu 120 zimebaki 108, na mpaka umepanda kidogo hadi 0.19.

Kanuni ya kupita kiasi inafanya kazi hapa pia. Nguzo ya 12 ikigeuka karibu na −0.5 baada ya `diff(12)`, msimu wako ulikuwa thabiti mwaka hadi mwaka, na ungetosheka na kiwango maalumu cha kila mwezi ndani ya modeli. Ukichukua tofauti zote mbili bila kuhitaji hata moja, utaona picha ambayo ukishaijua hutaisahau: −0.5 kwenye 1, −0.5 kwenye 12, na vinguzo viwili vya karibu 0.25 kwenye 11 na 13.

Mfululizo uliovunjika

Kuna sababu ya tatu ya nguzo kushuka polepole, na kuchukua tofauti hakuitibu. Ni usawa uliohama mara moja. Kina cha Ziwa Viktoria, kinachopimwa Jinja, ni mfano bora: mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 zilianzisha kupanda kwa zaidi ya mita 2 hadi 1964, na ziwa likabaki juu kwa miaka mingi. Ukichora ACF ya miaka ya kabla na baada kwa pamoja, wastani unaangukia katikati, mahali ambapo maji yalikaa kwa muda mfupi tu. Miaka yote ya kabla iko chini yake na mingi ya baada iko juu. Nguzo zitakuwa ndefu kwa sababu ya tukio hilo moja, hata kabla ya kuuliza ziwa lenyewe lina kumbukumbu ndefu kiasi gani.

Namna ya kulitambua ni kugawa mfululizo pale unapoona ngazi na kuchora ACF ya kila kipande. Nguzo zikiporomoka haraka ndani ya kila kipande, tatizo ni ngazi: weka kigezo cha 0 kabla na 1 baada, na uache `d=0`. Kwenye tofauti ya kwanza ngazi huonekana kama mchomo mmoja mkubwa uliozungukwa na badiliko dogodogo.

Ngazi nyingine hutengenezwa na mikono yetu. Fahirisi ya bei ya UBOS, ofisi ya takwimu ya Uganda, imebadilisha mwaka wake wa msingi, kutoka 2009/10 hadi 2016/17. Ukibandika majedwali mawili bila kuyaoanisha kwa kipindi ambacho yote mawili yana thamani, utaunda mporomoko ambao haukutokea sokoni, na hakuna jaribio litakalokuambia kuwa ni wa karatasi.

Majaribio ya ADF na KPSS

ADF na KPSS ni majaribio mawili ya kitakwimu ya utulivu wa mfululizo. Yanakuja mwisho, yathibitishe au yapinge ulichokwisha kukiona.

```python
from statsmodels.tsa.stattools import adfuller, kpss
print(adfuller(B, regression="ct")[:2])
print(kpss(B, regression="ct", nlags="auto")[:2])
```

Yanaanzia pande zinazopingana. ADF inaanza kwa kudhani mshtuko haufutiki, kwa hiyo thamani ndogo ya p, chini ya 0.05, inasema usichukue tofauti. KPSS inaanza kwa kudhani mfululizo umetulia, kwa hiyo p ndogo inasema chukua. Kuchanganya haya mawili ni kosa la kila siku. KPSS pia haitoi p chini ya 0.01 wala juu ya 0.1; onyo linalotokea hapo linasema tu kwamba thamani halisi iko nje ya jedwali, na si hitilafu.

Kinachoharibu zaidi ni `regression`. Chaguo-msingi la zote mbili ni `"c"`, yaani usawa usio na mwelekeo. Ukiipa ADF mfululizo `B` kwa `"c"`, unailazimisha ichague kati ya mwendo wa nasibu na utulivu unaozunguka usawa mmoja. Mstari unaopanda hauzunguki usawa wowote, basi itaegemea kwenye nasibu, nawe utachukua tofauti isiyohitajika. Grafu ikionyesha mwelekeo, tumia `"ct"`.

ADF ikisema utulivu na KPSS ikikubali, `d=0`. Zote zikisema hapana, `d=1`. Zikigongana, mara nyingi uko kwenye eneo la katikati: mfululizo unaorudi, ila kwa uvivu. Mfululizo unaobakiza asilimia 95 ya mshtuko kila mwezi umetulia kihesabu, lakini nusu ya mshtuko inachukua karibu miezi 13 na nusu kwisha, na nguzo yake halisi ya pengo la 12 ni 0.54. Kwa takwimu 120 hakuna ACF wala jaribio litakaloutenganisha na mwendo wa nasibu kwa uhakika.

Hapo amua kwa kazi inayokusubiri. Ficha miezi 12 ya mwisho, tengeneza modeli mbili, ya `d=0` yenye AR na ya `d=1`, kisha linganisha makosa ya utabiri kwa shilingi. Rudia kwa kusogeza mwanzo wa miezi iliyofichwa nyuma mara kadhaa, maana mwaka mmoja unaweza kupendelea modeli yoyote. Usilinganishe AIC, alama ya jinsi modeli inavyolingana na data, za modeli hizo: moja inapima bei, nyingine inapima mabadiliko ya bei, na nambari zake hazikai kwenye mizani moja. Kwa utabiri wa mwezi mmoja au miwili zitakaribiana sana. Kwa mwaka mzima zitaachana: `d=0` itaurudisha utabiri kwenye wastani, na `d=1` itaanzia bei ya mwisho na kupanua mipaka kila mwezi. Kama hujui ipi ni kweli na unatabiri mbali, mipaka ya `d=1` ndiyo salama zaidi kumpa mtu anayeamua kuuza au kuhifadhi.